Vyuma vya balansi vya gundi na vya klipu: jinsi ya kuvifunga visidondoke

Swali linalonifikia kuliko mengine yote kwenye kazi ya matairi ni hili: "Fundi, nimepiga balansi juzi tu, mbona usukani umeanza kutetemeka tena?" Nikiinama na tochi upande wa ndani wa gurudumu, mara nyingi jibu nalikuta pale pale. Kuna kimstatili kisafi, upana wake kama sentimita 2, katikati ya rimu iliyojaa vumbi jeusi la breki. Hapo palikuwa na chuma cha balansi, na kimeshadondoka.

Baada ya hapo yanafuata maswali mengine, na ni yale yale kila siku. Je, vya gundi ni vibovu kuliko vya klipu? Ni mwendo kasi uliokirusha? Naweza kukirudisha kile kile nilichokiokota? Nimeandika mwongozo huu kwa fundi anayeanza, na kwa mwenye gari anayetaka kujua fundi wake anapaswa kufanya nini.

## Vyuma viwili, rimu mbili

Chuma cha klipu kina ulimi wa springi unaouma mdomo wa rimu, pale rimu inapokutana na tairi. Kinagongwa kwa nyundo ndogo. Chuma cha gundi kinakuja kama utepe wa vipande vidogo, kimoja gramu 5 au 10, na mgongoni kina tepu ya sponji yenye gundi pande zote mbili. Unakata gramu unazohitaji na kuzibandika tumboni mwa rimu, upande unaotazama breki. Mafundi wengi bado wanaviita vyote "risasi", kwa sababu zamani vilikuwa vya risasi kweli. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku vya risasi kwenye magari madogo mwaka 2005.

Ukiniuliza kipi bora, nitakuuliza kwanza una rimu gani.

Rimu ya chuma, ile nyeusi inayovalishwa kofia ya plastiki, imekunjwa mdomo mwembamba unaoikubali klipu vizuri. Hapo weka klipu. Ni ya haraka, haijali vumbi sana, na kwa kuwa inakaa mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, gramu chache zinafanya kazi ambayo tumboni ingehitaji gramu nyingi zaidi.

Sipoti rimu, yaani ya alumini, ni habari nyingine. Nyingi zina mdomo mnene wa mviringo ambao klipu ya rimu ya chuma haiwezi kuuma. Ukiilazimisha, itakaa kwa kushikilia ncha tu, na itakwangua rangi. Alumini ikishakwanguliwa na kuguswa na chuma kitupu huku kuna maji, inaanza kutoa unga mweupe. Unga ule ukitambaa hadi tairi linapokaa, mwenye gari atakuja kulalamika kuwa tairi linapoteza upepo polepole, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo ni klipu. Kwenye sipoti rimu weka gundi, isipokuwa una uhakika kwamba mdomo umetengenezwa kwa ajili ya klipu na klipu uliyonayo ni ya umbo hilo na imepakwa rangi au plastiki ya kuzuia kutu.

## Mwendo haukidondoshi chuma cha gundi

Nadharia ni hii moja tu, kwa sababu bila kuielewa utaendelea kulaumu kitu kisichohusika.

Gurudumu likizunguka, kila kitu kilichoshikana nalo kinasukumwa kutoka katikati kwenda nje. Chuma cha gundi kimebandikwa tumboni, na nyuma yake, upande wa nje, kuna rimu. Kwa hiyo mwendo unakikandamiza chuma kwenye rimu. Kadiri unavyokimbia ndivyo kinavyobanwa. Chuma cha gundi kikidondoka, kilikuwa kimeshaanza kubanduka kwa sababu nyingine: gundi ilishika vumbi badala ya kushika rimu, au maji yaliingia chini ya pembe, au kalipa ya breki ilikigusa, au tope liliganda juu yake na kuking'oa. Mara nyingi kinaanguka gari likiwa linakwenda polepole kwenye mashimo, au limesimama kabisa linaoshwa.

Sasa kikishatoka, mwendo ndio unaofanya ukijue. Chukua Toyota IST yenye tairi 185/65R15. Kwa kilomita 90 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 13 kila sekunde. Gramu 35 zikikosekana tumboni mwa rimu, gurudumu linavutwa kuelekea upande mmoja kwa nguvu ya karibu kilo 4, na upande huo unazunguka nalo: juu, mbele, chini, nyuma, mara 13 kwa sekunde. Punguza mwendo hadi kilomita 45 na nguvu hiyo inashuka hadi kama kilo 1, kwa sababu mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Ndiyo maana gari linatulia kabisa mjini halafu linatetemeka barabara kuu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Mtetemo unaanza kama kilomita 80, unakuwa mkali kwenye 95, kisha ukipita 110 unapungua. Mtu anasema, "Nikikimbia zaidi gari linatulia, kwa hiyo siyo balansi." Ni balansi. Springi, bushi na mikono ya usukani vina mdundo wao wa asili, kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa mdundo wake inapaa, na ukiisukuma haraka kuliko mdundo wake haikufuati. Gurudumu bovu linaendelea kupiga, tena kwa nguvu zaidi, ila usukani haupokei kama mwanzo. Bearingi na shokomzoba vinapokea.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mashine ya balansi iliyopimwa usahihi, na koni inayolingana na tundu la katikati la rimu.
- Vyuma vipya. Cha zamani hakirudi, iwe ni cha gundi au cha klipu.
- Koleo la balansi, lenye upande wa kung'olea klipu na upande wa kugongea.
- Kikwanguo cha plastiki. Cha chuma kinachana rangi ya rimu.
- Spiriti ya kusafishia, ile inayouzwa famasi. Petroli, dizeli na mafuta ya taa haviingii kwenye kazi hii, kwani vinaacha utando wa mafuta ambao huuoni kwa macho.
- Vitambaa viwili visivyotoa manyoya: kimoja cha kupaka spiriti, kingine kikavu.
- Tochi na chaki.

## Hatua kwa hatua

1. Soma alama kabla hujasafisha. Kama gari limekuja kwa sababu ya mtetemo, usikimbilie maji. Zungusha kila gurudumu, mulika tumboni na midomo yote miwili. Kimstatili kisafi maana yake chuma kilitoka karibuni. Alama ya zamani tayari ina vumbi. Weka chaki hapo. Alama hiyo itakueleza baadaye kwa nini chuma kilitoka, na ukiiosha umepoteza ushahidi.

2. Ng'oa vyuma vyote vya zamani na osha gurudumu. Toa vyote, hata vile vinavyoonekana kushika vizuri. Ukipima gurudumu likiwa na chuma kimoja kilicholegea, mashine itakupa jibu linalotegemea chuma kitakachodondoka kesho. Toa tope tumboni, hasa nyuma ya mikono ya rimu, na mawe yaliyonasa kwenye kashata za tairi. Halafu likaushe. Maji yaliyobaki ndani ya rimu ni uzito unaotembea.

Neno moja kuhusu vile vya zamani vya risasi. Pwani kuna wanaovikusanya kuyeyusha machubwi ya mshipi wa kuvulia. Tafadhali, visiyeyushwe jikoni wala kwenye sufuria ya chakula, na watoto wasivichezee. Risasi ni sumu, na mtoto ndiye anayeumia zaidi.

3. Funga gurudumu kwenye mashine likae katikati. Koni iingie kwenye tundu la katikati bila kucheza, na uso wa rimu usiwe na kutu wala mchanga. Kisha jipime mwenyewe: zungusha mashine, andika namba, legeza, geuza gurudumu nusu mzunguko juu ya koni, kaza, zungusha tena. Namba zikipishana kwa zaidi ya gramu 10, gurudumu halijakaa. Fundi akiruka kipimo hiki anaweza kubandika chuma kizuri kabisa mahali pasipo sahihi.

4. Ieleze mashine ukweli. Ingiza umbali, upana na kipenyo, halafu chagua hali inayolingana na aina ya chuma na mahali utakapokiweka. Mashine inadhani utagonga klipu kwenye midomo yote miwili mpaka uiambie vinginevyo. Ukiiacha hivyo halafu ukabandika gundi katikati ya tumbo, gramu zitakuwa pungufu, kwa sababu tumboni ni karibu zaidi na kitovu. Utazungusha mara ya pili na kukuta gramu 10 au 15 zimebaki, nawe utaongeza kipande juu ya kipande. Kila nikiona rimu yenye viraka vitano vya gundi vilivyotawanyika, najua hatua hii iliharibika.

Usikubali pia kuweka chuma chote mstari mmoja kwa sababu tu mteja hataki kionekane. Mstari mmoja unazuia gurudumu kurukaruka juu na chini, lakini hauzuii kuyumba kushoto na kulia. Kwa sipoti rimu kuna njia ya kufanya yote mawili bila kitu kuonekana: mstari mmoja karibu na ukingo wa ndani, mwingine ndani zaidi, nyuma ya mikono ya rimu.

5. Angalia gramu kabla ya kukata. Namba ikipita kama gramu 60 upande mmoja kwa gari dogo, usiweke chuma kwanza. Toa upepo, geuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu, jaza, pima tena. Upande mzito wa tairi mara nyingi ulikuwa umekaa juu ya upande mzito wa rimu, na ukiutenganisha namba inashuka sana. Isiposhuka, zungusha polepole na utazame mdomo wa rimu kwa macho, kwani huenda umepinda.

6a. Kama ni gundi: andaa uso. Hapa ndipo chuma kinapodondoka au kinapokaa, kwa hiyo sitaki uharakishe.

Kwangua gundi yote ya zamani kwa plastiki. Usibandike juu ya sponji la zamani hata kama linaonekana limeshika, maana chuma chako kipya kitakuwa kimeshikwa na gundi ya miaka mitatu iliyopita. Paka spiriti, sugua, kisha futa kwa kitambaa kikavu kabla spiriti haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu ulioyeyuka unarudi kukaa pale pale. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kwenye rimu ya mbele ya gari linalotumia breki sana inaweza kuchukua mara tatu au nne.

Kama rangi ya rimu inabanduka au kuna unga mweupe wa alumini, hama sentimita chache na uache mashine igawanye uzito upya, au usugue hadi sehemu ngumu kisha usafishe. Gundi inashika vizuri kabisa kwenye rangi, lakini kama rangi yenyewe haijashika rimu, vitaondoka pamoja.

Rimu iwe na joto la kawaida. Pwani hili halina shida, ila asubuhi za Juni na Julai Njombe au Makete, rimu iliyolala nje inakuwa baridi kiasi kwamba gundi haitandi. Ikiwa baridi chini ya nyuzi 10, ipashe kwanza kwa kuiweka juani au ndani ya karakana. Na ikiwa imetoka barabarani sasa hivi huwezi kuishika kwa mkono, isubiri ipoe.

6b. Bandika. Kata utepe kwenye mkato wake, ukunje kidogo ufuate mviringo wa rimu, ndipo utoe karatasi. Usiguse gundi kwa kidole. Alama ya kidole ni mafuta. Weka kwa mara moja mahali mashine inapoonyesha, kisha kandamiza kwa gumba kipande kimoja kimoja, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kila kipande sekunde kadhaa kwa nguvu zako zote. Gundi hii inanata ikiguswa tu, ila kinachoishikisha kweli ni kukandamizwa. Ncha mbili ndizo za kurudia, kwa sababu utepe uliokatwa ukiwa umenyooka unataka kunyooka tena, na ncha inayoinuka nusu milimita ndiyo mlango wa maji.

Usipandishe chuma juu ya chuma. Kama nafasi haitoshi kwa urefu, weka mistari miwili iliyo sambamba.

7. Kama ni klipu: jaribu kwa mkono kwanza. Klipu zina maumbo tofauti kulingana na unene na mkunjo wa mdomo, na umbo hutambulishwa kwa herufi, kwa mfano P kwa rimu nyingi za chuma za magari madogo. Usitegemee herufi peke yake. Shika chuma, kiweke mdomoni kwa kidole. Kinapaswa kuingia kidogo na kukwama. Kikiingia chote bila nyundo, klipu ni pana mno na kitatoka. Kikikataa kabisa kuingia, umbo si lake. Mgongo wa chuma ufuate mviringo wa rimu bila mwanga kupita chini yake.

Gonga ulimi wa klipu, siyo mwili wa chuma. Mapigo mawili au matatu ya wastani, moja kwa moja, yanatosha. Ukipiga kwa pembeni klipu inafunguka upande mmoja, na hutaona kitu mpaka chuma kimepotea. Mwisho shika chuma kwa vidole na ujaribu kukisogeza. Kikisogea hata kidogo, toa, tupa, weka kingine. Klipu ikishang'olewa mara moja springi yake imefunguka, nayo haitauma tena kama mara ya kwanza.

8. Zungusha tena. Lengo ni sifuri pande zote mbili. Mashine nyingi zinaficha chochote chini ya gramu 5, na kwa gari dogo hiyo inakubalika. Kama bado kuna namba, usiongeze kipande kidogo mahali papya. Rudi hatua ya 4.

9. Funga kwenye gari na uzungushe kwa mkono. Kabla ya kushusha jeki, zungusha gurudumu mzunguko mzima na usikilize. Mkwaruzo wowote, hata mwepesi, maana yake chuma cha gundi kinagusa kalipa. Kwenye rimu zenye nafasi finyu kalipa inakipangusa chuma chote ndani ya mita chache za kwanza. Kaza nati kwa mpangilio wa nyota ili rimu ikae sawa kwenye habu.

10. Mpe mteja maneno haya. Asioshe gari kwa maji ya presha kwa saa 24, na baada ya hapo bomba lisielekezwe karibu tumboni mwa rimu. Gundi inashika mara moja, lakini inafikia nguvu yake kamili polepole. Chini ya gari pasipulizwe dizeli wala mafuta, na dawa ya kung'arisha matairi ipakwe kwa kitambaa upande wa nje tu.

## Gari moja, alama moja

IST moja ya kijivu ilinijia siku 4 baada ya kupigwa balansi kwenye karakana nyingine. Mwenyewe alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mjini hakusikia kitu. Baada ya Kibaha usukani ukaanza kutetemeka kwenye 85, ukawa mkali kwenye 95, na alipofika 110 ukapungua. Alishaambiwa na watu wawili abadilishe tairodi.

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na kimstatili kisafi tumboni, karibu na ukingo wa ndani. Kilikuwa kisafi kweli: hakuna sponji, hakuna hata uzi wa gundi, rimu inang'aa. Tulipolifunga kwenye mashine bila kugusa chochote, lilitaka gramu 35 pale pale palipo na chaki, na mstari wa pili ulisoma sifuri. Yaani yule fundi alipima vizuri na alikata vizuri. Kosa lilikuwa kwenye uso wa rimu. Nilipopitisha spiriti sentimita 10 kando ya alama, kitambaa kilitoka kimeteleza kama kimepakwa mafuta ya nywele. Mteja akakumbuka kwamba matairi yalikuwa yamepuliziwa dawa ya kung'arisha asubuhi ile, kabla ya balansi.

Tulisafisha mara nne, tukabandika gramu 35 mpya, akarudi barabarani. Tairodi hazikuguswa.

Alama ya namna ile ndiyo nayotaka ujifunze kuisoma, kwa sababu ziko tatu na kila moja ina kisa chake. Rimu ikibaki tupu na sponji lote limeondoka na chuma, gundi haikuwahi kushika rimu: kulikuwa na mafuta, maji, vumbi au baridi. Sponji likibaki zima kwenye rimu na chuma peke yake kimeondoka, tepu iliachia upande wa chuma. Hapo shuku vyuma vilivyokaa stoo miaka mingi, au vya chuma vilivyoshika kutu chini ya tepu, na ubadilishe boksi. Sponji likiwa limechanika katikati, nusu hapa nusu kule, gundi ilifanya kazi yake na kitu kingine kiliking'oa. Tafuta mkwaruzo kwenye kalipa, jiwe, au dalili ya bomba la presha.

Klipu nayo inaacha alama. Mikwaruzo mirefu kwenye mdomo inaonyesha klipu ilikuwa inatembea kabla ya kutoka, yaani umbo halikuwa lake au springi ilishachoka. Mdomo uliobonyea penye alama unaonyesha gurudumu liligonga ukingo wa barabara na chuma kikapigwa kutoka nje. Kutu nene chini ya alama inaonyesha klipu iligongwa juu ya kutu, nayo kutu ilipomeguka nafasi ikapatikana.

## Bado linatetemeka?

Vyuma vyote vipo na mtetemo upo. Angalia tope kwanza, hasa masika. Donge la tope lililokauka nyuma ya mikono ya rimu linaweza kuwa zito mara nyingi kuliko chuma chochote cha balansi. Osha, kimbia kilomita chache, ndipo ufikirie mashine.

Mtetemo umeanza siku moja au mbili baada ya kuvalisha tairi jipya, na hakuna chuma kilichotoka. Huenda tairi limeteleza juu ya rimu. Hutokea fundi akipaka sabuni nyingi wakati wa kuvalisha, halafu dereva akakanyaga breki kwa nguvu kabla haijakauka. Ndiyo maana napiga chaki kwenye tairi mkabala na valvu kabla ya gari kuondoka. Chaki ikihama, piga balansi upya.

Unausikia kwenye kiti, siyo kwenye usukani. Anza na magurudumu ya nyuma. Wengi wanabalansi ya mbele tu ili kuokoa fedha, kisha wanashangaa.

Unakuja ukikanyaga breki tu. Hiyo ni diski, wala usipoteze vyuma.

Unakuja ukiongeza mafuta na unakwisha ukiachia, mwendo ule ule. Angalia joint za ekseli.

Chuma kinadondoka kila mara kwenye gurudumu lile lile. Usibandike mara ya tatu. Pima nafasi kati ya rimu na kalipa, kisha gusa rimu kwa uangalifu baada ya safari na uilinganishe na ya upande wa pili. Ikiwa moto kuliko mwenzake, kalipa imekwama na joto lake linalainisha gundi. Tengeneza breki kwanza, balansi baadaye.

Mashine inasoma sifuri lakini barabarani linatetemeka. Mashine inapima uzito, haipimi umbo. Gurudumu likiwa bado kwenye mashine, weka bisibisi itulie karibu na uso wa tairi, zungusha polepole, na utazame pengo. Likifunguka na kufunga, tairi lina uvimbe au rimu imepinda. Pengo likiwa halibadiliki, lirudishe kwenye gari na uangalie kama rimu, hasa ile isiyo ya asili ya gari, ina tundu kubwa kuliko habu. Rimu hiyo inahitaji pete ya kujazia nafasi kati yake na habu, na bila pete hiyo inakaa pembeni ya katikati hata nati zikikazwa namna gani.